Bakteria anavyojigawa: mchoro wa kwenye noti na kinachotokea kweli ndani ya E. coli

Noti nyingi za bailojia zina ule mchoro wa hatua nne, seli moja yenye duara la DNA, duara linakuwa mawili, seli inarefuka, inabanwa katikati, wanatoka wawili, basi. Mchoro wenyewe si uongo, ila umefupishwa mpaka watu wanaondoka na picha ambayo hata hesabu ya kawaida inaikataa. Hapa nitamtumia E. coli kwa sababu ndo bakteria aliyechunguzwa sana kuliko wengine na namba zake zinajulikana.

Dhana ya kwanza, na hii ndo sugu: bakteria ananakili DNA yote, akimaliza anagawanyika, halafu watoto nao wanaanza upya kila mmoja na ya kwake.

Haya chukua kalamu. Kromosomu ya E. coli ni duara moja lenye jozi za besi kama milioni 4.6. Kunakili kunaanzia sehemu moja tu, inaitwa oriC, protini za DnaA zinajikusanya pale zinaachanisha nyuzi mbili za DNA, kisha mashine mbili zinaondoka kila moja na upande wake wa duara mpaka zije zikutane ng'ambo ya pili. Kila mashine inakwenda karibu jozi 1,000 kwa sekunde. Kila moja ina milioni 2.3 za kumaliza, gawanya hapo unapata sekunde 2,300, ambazo ni dakika 38 na ushee, tuseme 40. DNA imeisha lakini seli bado ni moja, inahitaji kama dakika 20 zingine za kutenganisha kopi mbili na kujenga ukuta katikati. Jumla dakika 60.

Sasa huyo huyo E. coli ukimweka kwenye supu nzuri ya maabara, nyuzi joto 37, anajigawa kila dakika 20. Kazi ya dakika 60 inaishaje kwa dakika 20? Ukimuuliza mtu hapo atakwambia basi mashine zinaongeza spidi. Wapi! Kwenye chakula kizuri spidi haibadiliki kiasi cha kuokoa hiyo hesabu. Stephen Cooper na Charles Helmstetter walilifumbua hili mwaka 1968, na jibu lao ni kwamba bakteria hasubiri, anaanzisha raundi mpya ya kunakili wakati ya zamani bado iko njiani.

Tuifuate raundi moja kwa saa ya ukutani. Seli yetu inazaliwa saa sita kamili, itagawanyika saa sita na dakika 20. Kunakili kunakoufanya huo mgawanyiko wa saa sita na dakika 20 uwezekane kulianza dakika 60 kabla, saa tano na dakika 20, wakati huo hata mama yake hajazaliwa, bibi ndo anazaliwa. Bibi akagawanyika saa tano na dakika 40 raundi ikiwa nusu, mama akaipokea hivyo hivyo ikiendelea, ikaisha saa sita kamili, muda ule ule seli yetu inazaliwa, na dakika 20 zilizobaki ni za kujigawa tu. Ila wakati hayo yanaendelea mama naye alipozaliwa ilianza raundi nyingine, hiyo ni kwa ajili ya mgawanyiko wa watoto wa seli yetu, na saa sita kamili ikaanza nyingine tena ya wajukuu. Kwa hiyo seli moja ndogo yenye urefu wa maikromita chache imebeba oriC nane na sehemu mbili tu za mwisho, pale mashine zinapokutana, raundi juu ya raundi. Hakuna seli iliyofanya kazi ya dakika 60 kwa dakika 20, kila mmoja anamalizia alichoachiwa na kuwaanzishia wanaokuja.

Na hili si la kuamini tu kwenye karatasi. Chukua bakteria wanaokua kwa kasi, toa DNA, isomwe yote kwenye mashine ya kusoma jeni, halafu hesabu kila eneo limesomwa mara ngapi. Karibu na oriC unakuta vipande kama mara nne ya vile vya karibu na mwisho, na ukichora grafu inashuka mteremko pande zote mbili. Chukua wengine ambao wameishiwa chakula wakasimama kukua, grafu inalala bapa. Jeni nyingi za kutengeneza ribosomu ziko upande wa karibu na oriC, kwa hiyo seli inayokimbia inapata kopi nyingi za kile kile inachokihitaji zaidi ili ikimbie.

Kwa hiyo mchoro wa kwenye noti unamhusu nani? Unamhusu bakteria mwenye njaa. E. coli kwenye chakula duni, anayejigawa kila saa mbili tuseme, huyo kweli anazaliwa, anakaa kidogo, ananakili mara moja, anagawanyika. Na hizo dakika 20 msimpachike kila bakteria tafadhali, yule wa kifua kikuu anachukua karibu siku nzima kujigawa mara moja, ndo maana majibu ya kuotesha makohozi yanasubiriwa kwa wiki.

Dhana ya pili iko kwenye pete. Watu wameshasikia kwamba kuna protini inaitwa FtsZ inajipanga duara katikati ya seli, ikaonekana mwaka 1991 kwa Bi na Lutkenhaus, na tangu hapo maelezo ni yale yale: pete inakaza kama kamba inavyofunga mdomo wa gunia mpaka seli inakatika. Picha tamu, tatizo ni kwamba inaacha maswali mengi.

Kwanza hiyo pete si kamba moja. Ni vinyuzi vifupi vingi, vimelala kwa mafungu pembeni ya utando, na vyenyewe haviushiki utando moja kwa moja, vinashikizwa na protini nyingine mbili, FtsA na ZipA. Wala havitulii. Kila kinyuzi kinaongezewa molekuli za FtsZ upande mmoja na kupunguzwa upande wa pili, nishati inatoka kwenye GTP, kwa hiyo ukiangalia ni kama kinatembea kuzunguka seli japo molekuli zilizoko katikati hazisogei. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yaliliona hili kwenye seli hai, mwendo ni nanomita kama 30 kwa sekunde. Pete nzima inabadilishwa molekuli zake mfululizo, nusu yake imeshatoka na kuingia nyingine ndani ya sekunde kama kumi hivi. Kamba gani hiyo inayofumuliwa huku inavuta?

Pili, kitu cha kubanwa si laini. Ndani ya bakteria kuna presha kubwa inayosukuma nje, kinachoizuia seli isipasuke ni ukuta wa peptidoglikani, na ukuta huo haukunjwi tu, lazima ujengwe kuelekea ndani tabaka kwa tabaka. Wajenzi ni protini kama FtsW na FtsI. Kazi ya pete ni kuwaita wajenzi, kuwakusanya mstari mmoja na kuwasambaza kuzunguka mduara ili ukuta uingie ndani sawasawa pande zote. Kuna wanaosema FtsZ nayo inachangia kuvuta kidogo, mjadala haujafungwa, ila kwa E. coli ushahidi unaegemea kwamba anayeamua kasi ya kubana ni ujenzi wa ukuta. Na kinachonimalizia mimi ubishi ni hiki: FtsZ inaondoka eneo la kazi kabla ya seli kufunga kabisa, wajenzi wa ukuta ndo wanaomalizia.

Watu huuliza pete inajuaje katikati, wengine wanadhani kuna alama imewekwa pale. Hakuna alama. Seli inakataza kwingine kote, katikati panabaki. Protini MinD na MinC zinajikusanya ncha moja ya seli zikizuia FtsZ isijipange hapo, MinE inakuja inazifukuza, zinakimbilia ncha ya pili, zinafukuzwa tena, kwenda na kurudi chini ya dakika moja au karibu yake muda wote seli iko hai. Ukipiga wastani, sehemu zinapokaa kidogo zaidi ni katikati. Juu ya hapo kuna SlmA, inakaa kwenye DNA na kuzuia pete isijengwe juu ya kromosomu. Ukiondoa jeni za Min unaona kosa lenyewe kwa hadubini, seli inakatika karibu na ncha na kutoa kijiseli cha duara kisicho na kromosomu, kina protini na ribosomu lakini hakiwezi kuzaa.

Dhana ya mwisho, kwamba kunakili na kujigawa ni mtambo mmoja, kimoja kikisimama na kingine kinasimama. Kuna E. coli mwenye jeni ya FtsZ iliyobadilika, anaitwa ftsZ84, kwenye nyuzi 30 anajigawa vizuri tu, mpandishe mpaka 42 pete zinapotea. Seli haifi hapo hapo wala haiachi kunakili, inazidi kurefuka inakuwa kama uzi, na ukiipaka rangi ya DNA unaona kromosomu zimejipanga ndani yake kwa nafasi zinazolingana, nne, nane, hakuna ukuta kati yao. Rudisha joto chini, pete zinajijenga ndani ya dakika chache.

Na hali ya namna hiyo hutokea hata bila kubadilisha jeni. Dawa ya kuua bakteria iitwayo siprofloksasini inakwamisha vimeng'enya vinavyofungua misokoto ya DNA, DNA ikikatika seli inapiga king'ora chake cha ndani, inatengeneza protini SulA ambayo inashika FtsZ na kuzuia pete isijengwe mpaka ukarabati uishe. Sefaleksini nayo inamzuia mjenzi FtsI, kwa hiyo pete ipo lakini ukuta hauingii. Kwenye hadubini unaona kitu kimoja, nyuzi ndefu. Ukitaka kujua ni ipi kati ya hizo mbili, tia rangi FtsZ: aliyepata sefaleksini ana pete zimekaa zinasubiri kwenye nafasi kati ya kromosomu, wa siprofloksasini ambaye SulA imeshapanda pete zake hazionekani. Na uzi usichukuliwe kuwa ni maiti, dawa ikiisha nguvu mapema kuna nyuzi zinazoanza kukatika upya kutokea nchani, zikitoa seli fupi za kawaida zenye kromosomu kamili.