Flaiwili: gurudumu zito la kinu cha mkono linafanya kazi gani?

Shika mpini wa kinu cha mkono, mimina nafaka, zungusha mara kadhaa huku umefumba macho. Utahisi kwamba husukumi sawasawa. Mpini ukipita juu, unausukuma mbele kwa uzito wa bega. Ukipita chini, unauvuta kwako kwa nguvu ya mgongo. Kati ya hapo kuna sehemu mbili dhaifu: mpini ukiwa mbali kabisa nawe, na ukiwa karibu kabisa na kifua. Katika sehemu hizo mkono unatakiwa kuushusha au kuupandisha mpini, na kwa mwendo huo mkono wa binadamu hauna nguvu kubwa.

Nafaka hazijui lolote kuhusu udhaifu huo. Zimebanwa kati ya sahani mbili za kusagia na zinakinza mzunguko wote, juu, chini, mbele na nyuma. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja una vipande viwili ambapo mkono unatoa zaidi ya kinachohitajika, na viwili ambapo unatoa pungufu. Kazi ya gurudumu zito, ambalo mafundi huliita flaiwili, ni kupokea ile ziada na kuirudisha pale penye upungufu. Inaihifadhi ziada hiyo kwa njia moja tu: kwa kuongeza kasi yake kidogo. Inairudisha kwa kupunguza kasi kidogo.

Wengi hudhani gurudumu zito linaongeza nguvu. Haliongezi hata chembe. Kila jouli ya nishati inayosaga nafaka imetoka mkononi mwako, na nyingine kidogo imepotea kwenye beringi. Kinachobadilika ni wakati ambao jouli hizo zinatumika.

Tuchukue kinu kimoja tukifanyie hesabu, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapoonekana. Mtu anazungusha mara 60 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde. Nafaka zinadai jouli 16 katika kila robo ya mzunguko, jumla 64 kwa mzunguko mzima. Ni kazi ya wati 64 hivi, ambayo mtu mzima mwenye afya anaweza kuifanya kwa muda kabla ya kuchoka. Mkono nao tuseme unatoa jouli 26 katika robo yenye nguvu na jouli 6 katika robo dhaifu. Jumlisha: 26, 6, 26, 6. Ni 64 zilezile. Hesabu ya mzunguko mzima iko sawa, lakini kila robo yenye nguvu inaacha ziada ya jouli 10, na kila robo dhaifu ina deni la jouli 10.

Sasa tuweke gurudumu ambalo karibu uzito wake wote uko kwenye ukingo: kilo 10, na kutoka kitovu hadi ukingoni ni sentimita 30. Likizunguka mara moja kwa sekunde, ukingo unakwenda karibu mita 1.9 kwa sekunde. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena:

```
E = ½ × m × v²
```

Kwa gurudumu letu inakuja jouli 18 hivi. Hiyo ndiyo akiba iliyomo ndani ya mzunguko wa kawaida. Jouli 10 zikiingia na kutoka, akiba inacheza 5 juu na 5 chini ya hapo: inapanda hadi 23 na kushuka hadi 13. Ukigeuza namba hizo kuwa kasi, kinu kinakimbia kati ya mizunguko 51 na 68 kwa dakika. Kinapwaya bado, ila hakisimami.

Ondoa gurudumu lile ubakize mkono wa kuzungushia, ekseli na sahani. Vyote hivyo pamoja, kwa kasi ileile, vinaweza kubeba jouli moja au mbili tu. Deni la jouli 10 haliwezi kulipwa na akiba ya jouli mbili. Kinu kitakwama kila kinapofika robo dhaifu, isipokuwa mkono wako ujilazimishe kutoa zile jouli 16 mahali ambapo hauna nguvu. Ndicho kinachochosha kifundo cha mkono na kiwiko haraka kuliko kusaga kwenyewe. Unga nao unatoka kwa mishtuko, maana sahani zinasita, zinaruka, zinasita tena.

Tukiongeza uzito wa ukingo hadi kilo 20, akiba inakuwa jouli 36. Ziada na deni ni zilezile jouli 10, kwa sababu zinatokana na mkono na nafaka, wala si gurudumu. Akiba sasa inacheza kati ya 31 na 41, na kasi kati ya mizunguko 56 na 64. Upwayaji umepungua kutoka mizunguko 17 hadi takribani 8. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba uzito unadhibiti mabadiliko ya kasi: kiasi kilekile cha nishati kinapoingia katika akiba kubwa zaidi, kinaitikisa kidogo zaidi. Ukienda kilo 40, upwayaji unashuka hadi kama mizunguko 4. Angalia lakini: kilo 10 za kwanza ulizoongeza zilikata mizunguko 9, na kilo 20 zilizofuata zimekata 4 tu. Kwa maoni yangu, kinu cha mtu mmoja hakina sababu ya kupita kilo 20.

Kuna njia nyingine ya kupata akiba kubwa bila kuongeza kilo. Nishati inategemea kasi mara kasi, na ukingo ulio mbali na kitovu unakwenda kasi zaidi hata kama mizunguko ni ileile. Kilo zilezile 10 zikisogezwa kutoka sentimita 30 hadi 42, zinafanya kazi ya kilo 20. Ndiyo sababu gurudumu zuri lina ukingo mnene na spoki nyembamba. Uzito uliolundikwa karibu na ekseli unakupa mzigo wa kubeba bila faida ya maana. Kasi yenyewe inasaidia pia: kinu kilekile kikizungushwa taratibu, mara 30 kwa dakika, akiba yake ni robo tu. Ukisaga polepole kwa sababu nafaka ni ngumu, utahisi gurudumu limekuwa kama halipo, na hisia hiyo ni sahihi kabisa.

Jambo moja huwachanganya hata mafundi. Gurudumu halina kasi kubwa zaidi pale unaposukuma kwa nguvu zaidi. Wakati mkono unasukuma kwa kilele chake, gurudumu bado linaongeza mwendo. Linaendelea kuongeza hata msukumo unapoanza kushuka, mradi bado unazidi ukinzani wa nafaka. Kasi inafika kilele pale mkono na nafaka zinapolingana, yaani mwishoni mwa robo yenye nguvu. Vivyo hivyo, kasi ni ndogo kabisa mwishoni mwa robo dhaifu, sehemu chache za mia za sekunde kabla hujahisi mkono umepata nguvu tena.

Haya unaweza kuyaona mwenyewe kwa simu inayorekodi picha 120 kwa sekunde. Chora mistari minne ya chaki kwenye ukingo, ukiigawa robo robo, na weka kijiti kimoja kisichosogea pembeni kiwe alama. Saga kawaida, rekodi, kisha hesabu picha ngapi zinapita kutoka mstari mmoja kufika kijitini hadi unaofuata. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, wastani ni picha 30 kwa robo. Kinu chetu cha kilo 10 kitaonyesha kama 27 au 28 katika robo ya haraka na 33 katika robo ya polepole, ikiwa mistari umeipanga vizuri ili kilele cha kasi kiangukie katikati ya robo. Mkono wa mtu halisi hautoi namba nadhifu kama za mfano huu, kwani unajirekebisha kadiri unavyohisi mpini ukilegea au kukaza. Ila mpangilio wa haraka, polepole, haraka, polepole utauona.

Jaribio la pili halihitaji simu. Ziachanishe sahani, funga nafaka zisishuke, fikisha gurudumu kwenye kasi ya kawaida kisha achia mpini. Gurudumu lenye beringi safi zenye grisi linapaswa kuzunguka peke yake mara nyingi, hata mizunguko 20. Likisimama baada ya mitatu au minne, uzito wake unaliwa na msuguano, na kuongeza kilo hakutaondoa tatizo, kwa kuwa kila kilo inazibana beringi zaidi.

Rudia jaribio hilo huku unasaga, na utaona mpaka wa uwezo wa gurudumu. Ukiachia mpini, akiba ya jouli 18 inagawanywa kwa mahitaji ya 16 kwa robo. Gurudumu la kilo 10 litasaga lenyewe robo mzunguko na kidogo, kisha litasimama. La kilo 20 litavuka nusu mzunguko. Kwa hiyo gurudumu linaziba pengo lililo ndani ya mzunguko mmoja, basi. Ukichoka kwa dakika nzima, au nafaka zenye unyevu zikaongeza ukinzani moja kwa moja, kasi itashuka, na hakuna uzito wowote unaobebeka utakaoizuia.

Akiba hiyo ina hatari yake pia. Punje ya jiwe ikiingia kati ya sahani, gurudumu halijui kusimama taratibu. Jouli 36 zinazotakiwa kumalizika ndani ya nyuzi 5 za mzunguko zinazalisha msokoto wa karibu nyutoni mita 400, wakati kusaga kwa kawaida kunadai 10 tu. Kitu lazima kiachie. Katika kinu kilichoundwa vizuri kinachoachia ni pini laini inayofunga gurudumu kwenye ekseli: inakatika, gurudumu linazunguka bure, na sahani zinapona. Nimewahi kuona kinu ambacho pini yake ilikuwa imebadilishwa na boliti ya chuma kigumu ili "isikatike ovyo". Boliti haikukatika. Sahani ndiyo iliyopasuka, kutoka tundu la katikati hadi pembeni.

Pini ikikatika, usianze na pini. Legeza skrubu inayobana sahani, zungusha ekseli kinyumenyume kwa mkono nusu mzunguko, toa jiwe, kisha pitisha kidole kwenye meno ya sahani kutafuta jino lililovunjika. Pini mpya iwe ya chuma laini na unene ule ule wa ile ya mwanzo.