Je, wajua kwa nini kujua silabusi ya sheria ya uzembe hakutoshi kwenye kas pratiki, yaani swali la mtihani linalokupa kisa ukitatue kwa sheria?

"Somo la uzembe nalijua lote. Kwa nini kas pratiki ikija naandika kurasa nne na pointi hazipatikani?"

Kwa sababu mwalimu hufundisha kwa kufuata nguzo: kosa, hasara, na uhusiano kati ya hivyo viwili. Kisa chenyewe huja kwa kufuata watu. Basi kila kichwa cha silabusi kigeuze kiwe swali, uanze na yule anayelia.

Tuchukue kisa cha Bukavu. Dereva wa mwenye duka la saruji anaegesha lori kwenye mteremko wa Kadutu akipeleka mzigo. Havuti breki ya mkono, wala haweki jiwe chini ya tairi. Lori linashuka lenyewe na kumgonga mama anayeuza unga, ambaye meza yake imeingia barabarani. Mguu unavunjika, meza inapasuka. Usiku, mama akiwa hospitalini, wezi wanabeba magunia mawili yaliyobaki pale.

Swali la kwanza: nani analia, kwa hasara ipi? Ziandike mbalimbali: mguu na matibabu, siku asizouza, meza, magunia. Ukizifunga pamoja, hutaona kwamba magunia yana shida yake.

Swali la pili ndilo wengi wanalipita: atamshika nani, kwa kifungu kipi? Wanafunzi huishia kwa dereva, kwa kifungu cha 258 na 259 vya Kitabu cha III cha Kodi Sivili, yaani mkusanyo wa sheria za kiraia wa Kongo, kisha wanafunga karatasi. Lakini dereva huenda hana kitu. Neno "wa mwenye duka" limewekwa makusudi: kifungu cha 260 kinambebesha tajiri makosa ambayo mtumishi wake ameyafanya kazini. Kifungu hichohicho kinamshika mtu kwa kitu kilicho chini ya ulinzi wake, na kwa njia hiyo mama halazimiki hata kuthibitisha kosa la dereva. Hapo ziandike njia zote mbili.

Kosa lenyewe ni jepesi: mtu mwangalifu angevuta breki. Sentensi mbili zinatosha.

Kisha, kwa kila hasara: je, imetokana moja kwa moja na tendo hilo? Kwa mguu, hakuna ubishi. Kwa magunia, mdai atasema yasingebaki bila mlinzi kama mama asingegongwa. Mdaiwa atasema wizi ni tendo la mtu mwingine. Andika pande zote mbili, halafu uchague.

Mwisho, uliza kama mwenye kuumia naye ana sehemu yake. Mimi swali hili sikuwa nalo kwenye orodha yangu ya kwanza. Nililigundua nilipochukua mtihani wa zamani na kupiga mstari chini ya kila jambo ambalo orodha ililigusa. Maneno yanayofanana na "imeingia barabarani" yalibaki bila mstari, na ndiyo yaliyokuwa yanapunguza fidia.