Bwawa la kutulizia mchanga kwenye banio: anza na eneo, kina baadaye

Ukipita kwenye skimu ndogo za mpunga na mboga katika vilima vya Kasulu na Buhigwe mvua zikishakatika, utawakuta wakulima wamejipanga ndani ya mfereji mkuu na mabeleshi, wanarusha mchanga ukingoni. Huko juu miteremko inalimwa mihogo, maharage na mahindi hadi karibu na vijito, na kuanzia Novemba mpaka Aprili kila mvua inashuka na udongo wake. Kijito kina mteremko mkali, kwa hiyo kinaubeba bila shida. Mfereji umelala zaidi, kasi ya maji inashuka, na mchanga unaachwa kwenye mita mia mbili tatu za mwanzo. Mfereji wa kina cha sentimita 60 unabakiwa na 25, maji yanavuka ukingo, na mwenye shamba la mwisho hapati kitu.

Njia ya kuzuia hilo ni kuulazimisha mchanga utue mahali ulipopachagua wewe, karibu na banio, yaani pale mfereji unapochukulia maji ya mto, ambapo mto wenyewe unaweza kuuondoa. Wengi wanaoniita kuangalia mabwawa haya huanza kwa kuniuliza lichimbwe kina gani. Mimi naanza na swali jingine: unataka kukamata chembe za ukubwa gani?

Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ya lita moja na nusu. Ijaze maji ya kijito siku kimefurika, itikise vizuri, isimamishe na uangalie saa. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.1 inazama takribani sentimita 0.8 kwa sekunde, kwa hiyo katika maji yenye urefu wa sentimita 25 inafika chini kwa nusu dakika hivi. Kilichotua ndani ya nusu dakika hiyo ndicho mchanga unaoziba mfereji. Kilichobaki kinaelea, kikiyafanya maji yawe mekundu, ni tope laini na mfinyanzi, na hicho sikigusi. Si kipimo cha maabara, lakini kinakuonyesha unapambana na nini kabla hujaagiza mfuko hata mmoja wa saruji.

Mwenyekiti mmoja wa skimu aliwahi kuniita mbele ya wajumbe wake, bwawa likiwa na wiki chache tu. "Mhandisi, mbona halichuji? Maji ni yaleyale mekundu." Nikachota kilichotua kwenye sakafu ya bwawa, nikampa asugue kati ya vidole. Kilikwaruza. Kisha nikampa tope la ndani ya mfereji, likateleza kama unga uliolowa. "Mzee, hili la pili liache liende shambani," nikamwambia. Hakuridhika sana siku ile, na namwelewa, maana macho yanaona rangi na hayaoni ukubwa wa chembe.

Sababu ya kuliacha ni ya kihesabu. Eneo la chini kabisa ambalo bwawa linahitaji ni kiasi cha maji kinachopita kugawanywa kwa kasi ya chembe kuzama:

```
A = Q / w
```

Tuchukue kijito kimoja kinachomwaga maji yake Mto Luiche, ambapo mfereji unachukua lita 300 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 0.3. Kwa chembe ya milimita 0.1, w ni mita 0.008 kwa sekunde, na eneo linakuja mita za mraba 37.5. Hesabu hiyo inachukulia maji yametulia kabisa, jambo ambalo halitokei. Maji yanavurugika na kuzinyanyua tena chembe zilizokaribia sakafu, ndiyo maana nazidisha mara mbili na kupata mita za mraba 75. Ukitaka kukamata na tope la milimita 0.02, eneo linaruka hadi mita za mraba 1,700 na zaidi. Ukishuka mpaka kwenye mfinyanzi wa milimita 0.002 unahitaji zaidi ya hekta nane hata kabla ya kuzidisha. Hapo hujengi bwawa la banio tena, umemeza shamba ulilotaka kulimwagilia.

Sasa angalia hesabu hiyo tena: kina hakimo. Watu wengi hawaamini, lakini fikiria bwawa limechimbwa likawa na kina maradufu. Maji yatapita kwa nusu ya kasi ya awali, kwa hiyo chembe inapata muda maradufu. Lakini safari yake ya kushuka nayo imekuwa maradufu. Umelipia uchimbaji na zege, na mchanga unaoukamata ni uleule. Ndiyo sababu shimo la kina la mita tatu kwa tatu pale nyuma ya banio, ambalo nalikuta mara nyingi, linakamata kokoto na mchanga mkubwa tu. Eneo lake ni mita za mraba tisa.

Kina kina kazi nyingine, nayo ni kuhakikisha kilichotua hakinyanyuliwi tena. Kwa chembe ya milimita 0.1, maji ya ndani ya bwawa yasizidi kasi ya takribani mita 0.14 kwa sekunde. Kwa eneo letu la mita za mraba 75 nilichagua upana wa mita 3 na urefu wa mita 25, maana bwawa refu na jembamba linayaongoza maji vizuri kuliko la mraba. Kwa kina cha mita 1, kasi ni 0.3 kugawanywa kwa 3, yaani mita 0.1 kwa sekunde. Tuko ndani ya mpaka. Thibitisha kwa saa: maji yanatumia sekunde 250 kupita mita 25, na chembe iliyoanzia juu kabisa inahitaji sekunde 125 kufika chini. Ile mara mbili tuliyoiweka imeonekana.

Yote haya yanategemea maji kuutumia upana wote, na hapo ndipo ujenzi mwingi unapoharibikia. Mfereji wa kuingilia una upana wa sentimita 80, bwawa lina mita 3. Ukiupanua ghafla, maji yanachoma katikati kwa kasi ileile yaliyokuja nayo, na pembeni yanazunguka tu bila kwenda mbele. Bwawa la mita 3 linafanya kazi kama la mita moja. Nautanua ukuta taratibu, kila upande ukitoka mita 1 kwa mita 5 za urefu, kwa hiyo hapa sehemu ya kutanukia imekuwa mita 5.5. Mfereji unaotangulia nao uwe umenyooka, kwani kona iliyo karibu na mlango inayatupa maji yote kwenye ukuta mmoja. Kupima ni rahisi: tupa kiganja cha pumba za mpunga mlangoni. Zikitawanyika na kusonga pamoja, vizuri. Zikipiga mbio katikati huku nyingine zikirudi nyuma kandokando, unalo tatizo. Kama ukuta umeshajengwa, safu ya nguzo nyembamba za wima mlangoni inasaidia kuyasambaza.

Mwishoni mwa bwawa maji yatoke kwa kuvuka ukingo ulionyooka wenye upana wote wa mita 3, yachukuliwe ya juu peke yake. Kwa lita 300 yatapita yakiwa na kimo cha sentimita 15 hivi juu ya ukingo. Ukiweka bomba au mwanya mmoja katikati, maji yanakimbilia hapo na kunyanyua mchanga uliokuwa umeshatua.

Tukija kwenye nafasi ya kuuhifadhi mchanga, hiyo iko chini ya ile mita 1 na haihesabiwi pamoja nayo. Sakafu nimeipa mteremko wa asilimia 2 kuelekea geti la kutolea mchanga, kwa hiyo nafasi hiyo ina kina cha sentimita 15 mwanzoni na 65 mwishoni. Wastani ni sentimita 40, na ujazo ni mita za ujazo 30. Tuseme siku ya mafuriko maji yanabeba nusu gramu ya mchanga kwa lita. Kwa siku nzima ni karibu tani 13, ambazo zikitua zinajaza mita za ujazo 9 hivi. Karatasi inasema siku tatu. Mimi nahesabu mbili, kwa kuwa mchanga mkubwa unatua mwanzoni, pale pasipo na nafasi kubwa, na unajenga tuta wakati mwishoni bado kuna uwazi.

Kuusukuma nje kunahitaji geti lifunguliwe lote, ukingo wa kutokea usipate maji kabisa, na lita 300 zote ziteremke juu ya sakafu. Kwa mteremko wa asilimia 2 zinakuwa na kimo cha sentimita 7 tu, lakini kasi inafika karibu mita 1.4 kwa sekunde, na kasi hiyo inauzoa mchanga. Sharti lake ni kwamba mto uwe chini ya geti, na si mto wa Agosti, ni mto wa Machi uliojaa. Nimeona bwawa moja zuri, zege safi, ambalo geti lilipofunguliwa wakati wa mafuriko maji ya mto ndiyo yaliingia ndani. Mpimaji alikuwa amechukua usawa wa maji ya kiangazi. Kwenye kijito chetu sakafu ya getini iko mita 1.65 chini ya uso wa maji ya bwawani, kwa hiyo mfereji wa kutolea mchanga ulibidi ufuate kijito mita 60 kabla ya kukirudia, hadi mahali ambapo alama za mafuriko kwenye miti na kingo zilikuwa chini yake. Sehemu zilizo tambarare, kama kule Luiche inapokaribia Ziwa Tanganyika, mara nyingi huupati mwanguko huo, na hapo ni bora kupanga tangu mwanzo kwamba mchanga utatolewa kwa mabeleshi au mashine.

Vyumba viwili sambamba vinaruhusu kusafisha kimoja huku kingine kikifanya kazi, lakini kila kimoja lazima kiweze kubeba maji yote peke yake, na gharama inakaribia maradufu. Skimu ya mpunga inaweza kukaa saa moja bila maji. Nilijenga kimoja.

Mlinzi wa banio ana fito yenye alama mbili. Anaishusha kwenye theluthi ya kwanza ya bwawa mpaka iguse mchanga. Maji yaliyo juu ya mchanga yakipungua chini ya mita 1, anafungua geti jioni ileile. Yakifika sentimita 70, kasi imeshagonga ile 0.14, mchanga hautui tena, na kila kinachoingia kinaelekea mfereji mkuu. Na mafuriko yakiwa yanapanda kwa nguvu, mashamba yakiwa yamelowa kwa mvua hiyohiyo, anafunga mlango wa banio kwa saa chache, kwa sababu maji ya wakati huo ndiyo yenye mchanga mwingi kuliko yote na hakuna anayeyahitaji.