Moto wa mafuta jikoni: kwa nini maji yanauzidisha, na ufunike na nini

Maji si ndo yanazima moto? Mbona kwenye mafuta tunakatazwa, shida iko wapi hasa?

Kuni au godoro likiungua maji yanasaidia kwa sababu yanakaa pale pale kwenye kinachoungua na kukipoza. Kwenye karai la mafuta hayakai. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwahiyo ukimwaga yanazama, na huko chini yanakutana na mafuta yenye nyuzi joto 350 hivi wakati yenyewe yanachemka kwa 100 tu. Hapo hayachemki taratibu, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,700 kuliko maji yenyewe. Piga hesabu ya kikombe kimoja tu cha chai, mililita 250: ni zaidi ya lita 400 za mvuke, yaani zaidi ya madumu ishirini yale ya lita 20, na wote unatafuta njia ya kutokea kupitia hayo mafuta kwa mara moja.

Sasa ndo uone ubaya wake. Mafuta yakiwa yametulia kwenye karai yanawaka juu tu, pale yanapogusana na hewa. Mvuke ukiyarusha yanakuwa matone madogo madogo na kila tone limezungukwa na hewa pande zote, basi yote yanashika moto kwa pamoja, unapanda hadi darini, na yanayorudi chini yanakuangukia wewe, pazia, na huyo mtoto aliyesimama mlangoni kuchungulia. Kwahiyo usiseme nitamwaga kidogo, hata nusu kikombe kinatosha kufanya hivyo.

Mimi huwa nabandika mafuta halafu naenda kumenya viazi, nitajuaje yanakaribia kuwaka?

Moshi. Chipsi na maandazi vinakaangwa kwenye nyuzi 170 mpaka 190 hivi. Mafuta mengi ya kupikia yakipita 200 na kitu yanaanza kutoa moshi mwepesi wenye harufu kali inayochoma macho, na hapo bado hayajawaka ila yameshapita kiwango cha kukaangia, zima jiko na usiyahamishe. Ukiyaacha yakaendelea kupanda yatafika mahali yanawaka yenyewe bila hata moto kuyagusa, wengi hili hawalijui, wanadhani mpaka mwali upande pembeni ya karai. Na yale mafuta meusi yaliyokaangiwa wiki nzima yanatoa moshi na kuwaka mapema kuliko mapya. Mimi kusema kweli mafuta yakiwa jikoni sitoki, mtu akigonga hodi nazima kwanza.

Haya, karai limeshawaka, lina lita mbili za mafuta. Nianze na nini?

Kama unafikia swichi ya jiko bila kupitisha mkono juu ya moto, zima gesi. Kama hufikii, acha, funika kwanza utazima baadae. Chukua mfuniko wa sufuria wa bati au sinia kavu, kubwa kuliko mdomo wa karai, usilidondoshe kutoka juu, lishike kama ngao mbele yako kisha lisukume lipite juu ya mdomo wa karai kuanzia upande wako kuelekea mbele, hivyo moto unasukumwa mbali na uso. Mfuniko wa kioo usiuamini, unaweza kupasuka kwa joto, na wa plastiki ndo kabisa. Sinia la udongo au la melamini pia liache kabatini.

Halafu inakuja sehemu inayowashinda wengi, kuuacha mfuniko ulivyo. Moto umezimika kwa kukosa hewa lakini mafuta bado yana joto lile lile la kuwaka yenyewe, ukifunua kuchungulia baada ya dakika mbili hewa inaingia na moto unarudi usoni kwako. Acha angalau nusu saa, lita mbili zinapoa polepole sana, na kama karai liko kwenye jiko la mkaa ambalo huna swichi ya kuzima, basi linafunikwa na kuachwa hapo hapo mpaka mkaa wenyewe uishe nguvu. Usijaribu kulibeba kulipeleka nje. Karai linalowaka ukitembea nalo moto unalala upande wako, mkono unaungua, unaliachia, na sasa mafuta yako sakafuni na miguuni.

Ila kwenye mafunzo ya mtungi wa gesi tulionyeshwa kulowesha blanketi au gunia, si nitumie hiyo hiyo?

Ule ni moto mwingine. Gesi inayotoka kwenye mtungi haina mafuta ya kurushwa, maji yakidondoka hayana pa kuzama. Ukileta gunia linalochuruzika juu ya karai, yale matone ndo yale maji tuliyoyasema pale juu. Kuna watu wanasema ulikamue mpaka lisidondoshe hata tone, sawa, lakini mtu mwenye hofu anakamua vipi vizuri? Mimi nachagua mfuniko. Yale mablanketi maalumu ya moto ya kitambaa cha nyuzi za kioo yanafaa kwa sufuria ndogo, unakunja kingo zake zifunike vidole vyako, unalilaza bila kulirusha. Kwa karai kubwa la kuuzia chipsi usilitegemee, mvuke wa mafuta unaweza kupenya ukawaka upande wa juu.

Na unga? Bibi alikuwa anasema rusha unga au mchanga.

Unga hapana, wa ngano wala wa sembe. Ukirushwa hewani kwenye moto vumbi lake lenyewe linawaka tena kwa mlipuko. Magadi ya kuokea yanaweza kuzima moto mdogo wa kwenye kikaango, ila unahitaji mengi, kipakiti kimoja hakifiki popote, na usidhani ni sawa na baking powder ambayo ndani ina wanga. Mchanga mkavu kabisa ungefaa kwa mafuta yaliyomwagika chini, lakini kuurusha ndani ya karai unayatapanya, na wa uani mara nyingi una unyevu.

Nina kizima moto kidogo cha gari, cha unga. Kinafaa?

Kinaweza kuangusha mwali, ila hakipozi mafuta kwahiyo moto unaweza kurudi, na presha yake ukipiga karibu inayarusha mafuta nje ya karai. Simama mbali hatua kadhaa. Kinachotengenezwa kwa kazi hii ni kile cha dawa ya maji maji chenye herufi F, au K kwa vya Kimarekani, kinatoa ukungu laini unaogeuka kama povu la sabuni juu ya mafuta, linayafunika huku linayapoza. Mwenye banda la chipsi ndo anunue hicho. Moto ukishashika kabati au dari achana na vyote, toa watu, funga mlango nyuma yako, piga simu, kwa Tanzania zima moto ni 114.

Mafuta yakinirukia mkononi je, hapo maji ruksa?

Hapo ndo kazi yake. Vua pete na bangili mapema kabla ya kuvimba, nguo pia isipokuwa iliyogandia kwenye ngozi, weka mkono chini ya bomba maji ya kawaida yatiririke dakika 20, sio barafu, sio dawa ya meno, sio yai. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kama imepata uso, viganja, maungio, au ni kubwa kuliko kiganja chako, au ni mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo.