Kitufe mzimu hakiondoki kwa kuongeza delay

Nimeletewa tena msimbo wenye `delay(50)` katikati ya skani ya kipadi cha vitufe, na maelezo yale yale: "Nikibonyeza vitufe vitatu, cha nne kinajitokeza chenyewe, kwa hiyo nimeongeza muda ili swichi zitulie." Swichi zimetulia kitambo. Mzimu bado upo, na utaendelea kuwepo hata ukisubiri mpaka kesho, kwa sababu kitufe hicho hakitokani na mdundo wa swichi, yaani mguso kudunda mara kadhaa kabla haujatulia. Umeme unapita kwenye njia halali kabisa uliyoiacha wazi wewe mwenyewe, na umeme hauchoki kusubiri.

Tuchukue kipadi cha kawaida cha 4×4, vitufe 16 kwa nyaya nane. Safumlalo nitaziita M1 hadi M4, safuwima W1 hadi W4. Juu kushoto kuna 1 na 2, vyote viko M1. Chini yake kuna 4 na 5, viko M2. Safuwima zinasomwa, kila moja ikiwa na rezista ya kuivuta juu. Safumlalo zinashushwa chini moja baada ya nyingine, na zile ambazo si zamu yake zinaachwa zielee, yaani pini inageuzwa kuwa ya kusoma. Ukishusha M2 na W1 ikasomeka chini, basi 4 kimebonyezwa. Hiyo ndiyo skani yote, sina zaidi ya kusema hapo.

Sasa bonyeza 1, 2 na 4 kwa pamoja, usiguse 5. Ikifika zamu ya M2, W1 inashuka kupitia 4, kama inavyotakiwa. Lakini W1 imeungana na M1 kupitia kitufe 1, na M1 imeungana na W2 kupitia kitufe 2. Kwa hiyo W2 nayo inashuka, na maikrokontrola inaona makutano ya M2 na W2, yaani 5. Haijakosea kusoma. Volti sifuri ipo kweli kwenye pini ile, na ingekuwepo hata ungesoma mara mia ukachukua wastani.

Hapo ndipo wengine hudakia: basi tutaondoa mzimu kwa programu, hatuhitaji diodi. Hebu hesabu hali zinazowezekana kwenye pembe nne za mstatili ule. Ukibonyeza 1, 2, 4, unasoma zote nne. Ukibonyeza 1, 2, 5, unasoma zote nne. Vivyo hivyo 1, 4, 5 na 2, 4, 5. Na ukibonyeza zote nne kweli, unasoma zote nne. Hali tano tofauti za vidole, jibu moja kwenye pini. Taarifa imepotea kwenye waya kabla haijafika kwenye msimbo, na hakuna hila ya msimbo itakayoirudisha. Hata historia haisaidii sana: ukijua kwamba 1 na 2 vilikuwa vimeshikwa, kisha 4 na 5 vikatokea katika skani moja, unajua kuna kidole kimeongezeka. Ni kipi, hujui.

Programu inaweza kufanya jambo moja tu la haki, nalo ni kukiri kwamba haijui. Kama safumlalo mbili zina safuwima mbili au zaidi za pamoja, kuna mstatili, na mstatili ni utata. Hapa `safu[i]` ina biti 1 kwa kila safuwima iliyosomeka chini katika zamu ya safumlalo hiyo:

```c
uint8_t x = safu[i] & safu[j];
if (x & (x - 1)) utata = true;
```

Pitisha hilo kwenye kila jozi ya safumlalo. Likikuta utata, shikilia hali ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo mpaka mtu aachie kitufe. Mtumiaji atapoteza bonyezo moja la kweli, lakini hatapata la uongo. Kwa kipadi cha utando kilichofungwa kiwandani, ambacho huwezi kukifungua upachike kitu ndani, hapo ndipo unapoishia.

Ukitaka jibu kamili, weka diodi. Na hapa ndipo ninapokereka zaidi, maana kuna mchoro unaozunguka wenye diodi nne tu, moja kwenye kila safumlalo karibu na pini, na watu wanaapa kwamba "unaondoa mizimu". Hauondoi. Unaondoa tatizo jingine kabisa. Kama msimbo wako hauziachi safumlalo zisizo na zamu zielee bali unazisukuma juu, kisha mtu akabonyeza 1 na 4 kwa pamoja, M1 iliyo juu na M2 iliyo chini zinakutana kupitia W1. Hiyo ni shoti kati ya pini mbili za kutoa. Karatasi ya data ya maikrokontrola ya ATmega328P inaweka miliampea 40 kuwa kikomo cha mwisho kwa pini, na shoti ya namna hii inaweza kukivuka. Diodi ya safumlalo inaizuia shoti hiyo vizuri. Lakini irudie njia ya mzimu kwa kidole: W2, kitufe 2, waya wa M1, kitufe 1, W1, kitufe 4, M2. Umepita kwenye pini ya M1 mahali popote? Hujapita. Umetumia waya wake tu, upande wa vitufe. Diodi iliyokaa kando ya pini haina habari na mkondo huo.

Diodi inatakiwa iwe moja kwa kila kitufe, mfululizo na swichi yake. Iwe upande wa safuwima au wa safumlalo wa swichi, ni sawa tu. Kilicho muhimu ni mwelekeo. Katika skani yetu mkondo halali unatoka kwenye safuwima iliyovutwa juu kwenda kwenye safumlalo iliyoshushwa. Kwa hiyo anodi ielekee safuwima, na katodi, ule upande wenye mstari, ielekee safumlalo. Sasa rudia njia ile. Kutoka W2 kupitia kitufe 2 kwenda M1, diodi inaruhusu. Kutoka M1 kupitia kitufe 1 kwenda W1, mkondo unaikuta diodi kwa nyuma, nayo inakataa. W2 inabaki juu, 5 hakionekani. Shoti ya pini nayo imezuiwa hapo hapo, bila diodi za ziada.

Tumia 1N4148, usihangaike. Lakini diodi ina gharama yake, nayo ni volti. Kwa mkondo mdogo wa rezista ya kuvuta juu, itakula takriban volti 0.6, kwa hiyo safuwima haishuki tena hadi sifuri. ATmega328P kwenye volti 5 inahesabu "chini" kuwa chochote kisichozidi asilimia 30 ya volti za chipu, yaani 1.5. Nafasi ni tele. Kwenye 3.3 kikomo ni karibu 1.0, bado inapita. Ukiiendesha kwa 1.8, kikomo kinakuwa asilimia 20, yaani 0.36, na diodi ile ile inakufanya usisome kitu, au usome leo na kesho ukose. Kwa volti ndogo namna hiyo tafuta diodi ya Schottky, ambayo inakula kidogo zaidi, kisha pima kwa multimita volti halisi kwenye safuwima kitufe kikiwa kimebonyezwa. Usiamini hesabu peke yake.

Kuna mzimu mwingine wa bandia ambao nao lazima niutaje, kwa sababu huo kweli unaondoka kwa kusubiri, na nadhani ndio chanzo cha imani yote hii ya delay. Dalili yake ni rahisi: unabonyeza kitufe *kimoja* tu, vinaonekana viwili, na cha pili kiko kwenye safuwima ile ile, safumlalo inayofuata. Bonyeza 1, uone 1 na 4. Kwa kitufe kimoja mzimu wa kweli hauwezekani, unahitaji vitatu. Kilichotokea ni kwamba W1 ilishushwa katika zamu ya M1, ukahamia M2, ukasoma kabla W1 haijapanda tena. Rezista ya ndani ya ATmega328P ni kilo-omu 20 hadi 50. Ukiwa na waya na vitufe vyenye pikofaradi 100, kilo-omu 50 zinakupa mikrosekunde 5 kwa kila hatua ya muda ya kupanda, na kitanzi kilichoandikwa kwa kugusa rejista moja kwa moja kinaweza kufika kabla ya hapo. Subiri mikrosekunde 10 au 20 kati ya kubadili safumlalo na kusoma. Mikrosekunde, si milisekunde 50.

Na diodi zinaweza kulizidisha tatizo hili, jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Bila diodi, baadhi ya msimbo huisukuma M1 juu kwa kitambo kabla ya kuiachia, na safuwima inachajiwa papo hapo kupitia kitufe kilichobonyezwa. Ukishaweka diodi, njia hiyo imefungwa. Safuwima inabaki kutegemea rezista yake peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka diodi kwa usahihi wote, akaona vitufe vya ajabu ambavyo havikuwepo jana, akazilaumu diodi. Weka rezista za nje za kilo-omu 10 na usubiri kidogo, itaisha.

Je, kila kipadi kinastahili diodi 16? Hapo msimamo wangu unayumba. Kwa kuingiza namba ya siri kwa kidole kimoja, kuziacha safumlalo zielee na ule ukaguzi wa mstatili vinatosha, na nimewahi kuziacha diodi bila kujuta. Kisha mtu anaegemeza kiganja kizima kwenye kipadi, nami naanza kujiuliza. Kwa kinanda, au chochote ambacho vidole vitatu ni matumizi ya kawaida, sijadiliani.

Mwisho, la kutafuta hitilafu. Diodi iliyogeuzwa ni rahisi kuijua: kitufe chake hakijibu kamwe kikibonyezwa peke yake. Iliyopata shoti inajificha, maana kitufe chake kinafanya kazi vizuri na mzimu unatokea kwingine. Ukibonyeza 1, 2 na 4, kisha 5 kikajitokeza, usipoteze muda kupima diodi ya 5. Iliyokuwa na kazi ya kuuzuia mkondo ni ya pembe ya mkabala, kitufe 1. Pima hiyo.