Toska: pale ambapo "huzuni" haitoshi

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kirusi niliandika neno toska daftarini na pembeni yake nikaweka "huzuni". Kamusi ndogo niliyokuwa nayo ilisema hivyo, sikuwa na sababu ya kuibishia. Siku moja jioni nilikuwa nimekaa na mwanafunzi mwenzangu Mrusi tukitazama kipindi cha televisheni kilichokuwa kinajivuta tu. Akapiga miayo, akasema, "Kakaya toska!" Nikamwuliza kwa sauti ya msibani: nani kafariki? Alicheka mpaka akashika mbavu. Alichosema ni kwamba kipindi kile kinachosha.

Leo kazi yangu ni kutafsiri kutoka Kirusi, na bado hakuna neno linalonikalisha muda mrefu kama hilo. Linaanzia kwenye miayo ya mbele ya televisheni na kufika kwa mzazi aliyemzika mwanawe, na katikati hapo linapita kwa mpenzi aliye mbali, kwa nyumbani, na kwa mtu asiyejua anataka nini ila hatulii.

Kwanza tulisikie. Mkazo uko mwishoni, na kwa Kirusi o isiyo na mkazo hulegea ikawa kama a, kwa hiyo Warusi wa Moscow hutamka "taska". Wanaisimu wengi huliweka ukoo mmoja na toshchiy, yaani aliyekonda, mtupu, ambalo limezaa pia natoshchak: kwa tumbo tupu, kama unavyoambiwa umeze dawa asubuhi kabla hujala. Vladimir Dal, katika kamusi yake kubwa iliyotoka kati ya 1863 na 1866, anaanza kulieleza toska kwa maneno yenye maana ya kubanwa kwa roho, kisha anamwaga mfuatano mzima: wasiwasi, hofu, uchovu wa kukosa la kufanya, majonzi. Utupu na kubanwa kwa pamoja. Ajabu kidogo, mpaka ukumbuke njaa yenyewe ilivyo: tumbo halina kitu, na bado linakaza.

Njaa ndiyo mfano ninaoutumia na wanafunzi wangu, kwa sababu unaeleza namna neno linavyonyumbuka. Huzuni hutazama kilichotokea. Toska inataka kitu. Kitu hicho kikitajwa, Kirusi hukitanguliza kwa po: toska po domu ni hamu ya nyumbani, na toskuyu po tebe ni "nakukumbuka", ila kwa namna inayouma. Ukiiondoa po, kutaka kunabaki peke yake bila kinachotakwa, na hapo ndipo mtafsiri anapotoka jasho. Mwanaisimu Anna Wierzbicka aliwahi kulichambua neno hili kwa maneno mepesi kabisa, na kiini cha uchambuzi wake ni hiki: mtu anataka jambo jema litokee, hajui ni jambo gani, na anajua haliwezekani. Likipungua nguvu, kutaka huko kusiko na shabaha huwa uchovu wa kawaida, ile "kakaya toska" ya televisheni. Likizidi, ni mateso.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Mrusi mara nyingi hajifanyi mtenda wa toska. Husema mne tosklivo, yaani kwangu mimi kuna hali hiyo, au husema toska imemchukua, imemwangukia, inamguguna. Hapa Kiswahili kimejaliwa. Sisi husema homa imenishika, usingizi umenichukua, njaa inaniuma, na sentensi ya Kirusi huingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Tatizo langu halijawahi kuwa kitenzi. Ni nomino.

Nilipambana nayo kwelikweli kwenye hadithi fupi ya Anton Chekhov ya mwaka 1886, ambayo jina lake ni hilohilo, Toska. Iona Potapov ni mzee anayeendesha sleji ya abiria, ikikokotwa na farasi jike kwenye theluji ya Petersburg. Karibu wiki imepita tangu mwanawe afariki hospitalini. Anamwambia abiria wake wa kwanza, mwanajeshi, ambaye anauliza kijana alikufa kwa nini, kisha anafumba macho hataki zaidi. Anawaambia vijana watatu walevi, na mmoja anamjibu kwamba sote tutakufa. Anajaribu kwa bawabu, anafukuzwa. Anajaribu kwa dereva kijana aliyeamka usiku kunywa maji, naye anajifunika na kulala tena.

Sasa tazama maneno. Juu ya hadithi Chekhov ameweka mstari wa wimbo wa kidini: "Nimwambie nani huzuni yangu?" Katika mstari huo neno ni pechal, huzuni ya kawaida yenye sababu. Jina la hadithi, mstari mmoja tu juu yake, ni toska. Mtafsiri akiandika "huzuni" mara mbili, amefuta pengo ambalo hadithi nzima imejengwa ndani yake. Kwa usomaji wangu, pechal ni ile ambayo ingesimuliwa, na toska ni kile inachogeuka kuwa baada ya kukosa msikilizaji. Chekhov anasema wazi: kama kijana yule alivyotaka kunywa, ndivyo mzee anavyotaka kusema. Kiu kwa kiu. Anataka kueleza taratibu jinsi mwanawe alivyougua, alivyosema kabla ya kufa, mazishi yalivyokuwa, na msikilizaji agune, aseme masikini. (Msomaji wa kwetu aliyezoea matanga, watu wakikaa mkekani na kisa kikirudiwa kwa kila anayeingia, ataona mara moja mzee huyu amenyimwa nini.)

Tena tabia ya toska hiyo ni ya kimwili. Abiria wanaposhuka, toska iliyokuwa imetulia kidogo inarudi na kutanua kifua kwa nguvu zaidi. Chekhov anasema kifua cha Iona kingepasuka ingefurika dunia nzima, na bado hakuna anayeiona. "Huzuni" haifanyi hivyo. "Majonzi" yana machozi, na Iona hapewi nafasi ya kulia mbele ya mtu. "Kihoro" kiko karibu kwa uzito, maana kinaweza kuua, lakini kimefungwa na msiba na hakiwezi kushuka hadi kwenye miayo. "Hamu" ina kutaka, haina giza.

Mwishoni nilichagua "Ukiwa" kwa jina la hadithi. Neno hilo lina nyumba tupu ndani yake na mtu asiye na watu wake, na hapo linakutana na ule utupu wa asili ya toska. Kasoro yake naijua: ukiwa umekaa tu, hautaki kitu. Kwa hiyo ndani ya matini sikulirudia kila mahali. Pale kifua kinapotanuka niliandika kwamba ukiwa "unamkaba", na palipo na kutaka kusema nikaacha kiu ifanye kazi. Mhariri mmoja alilalamika kwamba neno moja la Chekhov nimelifanya manne. Nilikubali, ni hasara, kwa kuwa msomaji wa Kirusi husikia kengele ileile kila mara.

Kwa upande mwingine wa neno mambo ni mepesi. Warusi wana toska zelyonaya, toska ya kijani, wakimaanisha kuchoshwa kupita kiasi. Ilipojitokeza katika mazungumzo ya ofisini niliyokuwa natafsiri, sikuitafutia rangi. Niliandika "yananichosha mpaka basi", nikaenda ukurasa uliofuata.