Joka si turufu (tena)

Mtangazaji wa mpira amesema tena kwamba mchezaji wa akiba ni "joka la timu, turufu yao kubwa". Hapo amechanganya mambo mawili. Turufu ni karata inayoila nyingine. Joka, ile karata ya ziada iitwayo joker kwa Kiingereza, kwa maana ya leo kwenye poka, hujigeuza kuwa karata yoyote unayoitaka. Nguvu hizo ni mbili tofauti.

Kosa lenyewe lina sababu, maana joka lilizaliwa likiwa turufu. Marekani, miaka ya 1860, watu walikuwa wamezama kwenye mchezo uitwao yuka, wenye asili ya Wajerumani. Ndani yake jeki ndiye mkubwa. Turufu ikiwa kopa, jeki wa kopa anakula zote, na anayemfuata ni jeki wa uru, kwa kuwa naye ni mwekundu. Siku hiyo huyo wa uru huhesabiwa kopa. Rei na mfalme wa kopa wako chini ya hao wawili. Jeki hao waliitwa baua, neno la Kijerumani lenye maana ya mkulima.

Wachezaji wakataka mkubwa wa kuwapita wote wawili. Mwaka 1863 mchapaji Samuel Hart akatoa karata ya ziada, Baua wa Kifalme, yenye maandishi kwamba inakula baua yeyote. Hakukuwa na mchekeshaji wa kofia yenye kengele. Huyo alikuja baadaye. Jina joka nalo, wengi wa wanaochunguza karata hulihusisha na jina la Kijerumani la mchezo wenyewe, Juckerspiel, lililosikika masikioni mwa Wamarekani kama neno lao la mtani. Picha ya mchekeshaji ikafuata jina. Kwa hiyo wanaosema joka ni yule Mpumbavu wa karata za taroko za Italia wamedanganywa na sura.

Basi pakiti zikauzwa na karata 53, na wacheza poka nao wakazinunua. Poka haina turufu. Hakuna karata inayoila nyingine, kinachoshindanishwa ni mpangilio wa karata tano. Karata isiyo na namba wala ua ingefanya nini humo? Ikapewa kazi ya kuazima. Ukishika wafalme wawili, tisa mbili na joka, joka linakuwa mfalme wa tatu na mkono wako unapanda kutoka jozi mbili hadi nyumba kamili. Hayo yalikuwa yakichezwa tayari katika miaka ya 1870.

Hata hivyo kila mchezo una sheria yake. Kwenye kadi za mitaani Kenya, joka halili wala haliazimi. Linamwokotesha jirani yako karata tano.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kama mchezaji huyo anaweza kucheza beki, kiungo na winga, mwite joka, hujakosea. Kama kazi yake ni kuingia dakika ya 80 na kufunga, huyo ni turufu tu.